Watu 40 kwenye laini ya watu 10, inawezekanaje?

Kama simu yako ni ya 4G ila haijawashwa kupiga kupitia 4G, siku ukipigiwa angalia juu kule kwenye kioo, ile 4G inapotea, inakuja H au 3G, na kama uko sehemu yenye 2G tu unaona E imekaa pale lakini data imesimama kabisa mpaka umalize kuongea. Watu wengi wanadhani ni mtandao unasumbua, kumbe simu inatoka kwenye mfumo mmoja na kuingia kwenye mwingine ambao umejengwa kwa fikra tofauti kabisa. Mmoja unakukatia njia yako peke yako, mwingine unakuchanganya na wenzako wote. Na ukitaka kuona tofauti yenyewe angalia unavyolipia: kupiga unalipia dakika, hata mkikaa kimya wote wawili dakika inakula, lakini bando la intaneti unalipia MB, ukiacha data imewashwa na hakuna kinachopita haliliwi.

Mimi nahudumia mtandao wa majengo ya apatimenti, nafunga ruta, navuta waya, na swali ambalo naulizwa na wenye majengo karibu kila ninapoenda ni hili: nikinunua laini ya faiba ya megabiti 20, naweza kuwapa wapangaji wangapi? Jibu lake ni tamu kuliko watu wanavyodhani, na ndio nataka nilieleze leo taratibu.

Tuanze na simu za zamani maana huko ndiko kila kitu kilikoanzia. Unapopiga simu kwa mfumo wa sakiti, kabla hujasema hata halo, mitambo yote iliyopo kati yako na unayempigia inatafuta nafasi na kuifunga kwa ajili yenu, na hiyo nafasi inabaki yenu mpaka mmoja akate. Ni kama chumba cha gesti ulicholipia, ulale usilale ni chako mpaka asubuhi na hakuna mwingine anayeingizwa humo.

Sasa hiyo nafasi inafananaje? Kwenye laini za kidijitali za simu zinazotumika huku kwetu na Ulaya, zile zinazoitwa E1, sekunde moja imekatwa vipande 8,000, na kila kipande kimegawanywa nafasi 32, kila nafasi inabeba biti 8. Piga hesabu: 8 mara 8,000 ni biti 64,000 kwa sekunde, hiyo ndiyo sauti ya simu moja. Zidisha kwa nafasi 32 unapata biti 2,048,000, yaani ile "laini ya megabiti 2" ambayo mafundi wa zamani wanaijua sana. Nafasi moja inatumika kuweka mitambo kwenye mapigo yale yale, nyingine kwa kawaida inabeba ishara za nani anampigia nani, zinabaki 30 za maongezi. Simu 30, basi. Ya 31 ikija inapigwa chini, mteja anasikia toni ya bize.

Na hapa ndipo pananiuma kidogo mimi kama fundi. Nafasi namba 7 ikishapewa Asha na mama yake, kila baada ya mikrosekunde 125 inapita, mara 8,000 kwa sekunde, hata kama Asha kaenda kuzima jiko na mama yake anamsubiri, nafasi inapita imebeba ukimya, na yule wa 31 amekosa.

Wenye simu wenyewe waliliona hili mapema tu. Mwaka 1956 ulifunguliwa waya wa kwanza wa simu chini ya bahari ya Atlantiki, unaitwa TAT-1, kutoka Oban kule Skotilandi mpaka Clarenville, Newfoundland. Ulianza na njia 36 tu za maongezi kwa mabara mawili mazima, na kulaza waya mwingine baharini ilikuwa gharama ya kutisha. Wahandisi wakajiuliza, kwenye maongezi mtu mmoja anaongea mwenzake anasikiliza, halafu kuna kupumua na kusitasita hapo katikati, kwa hiyo kila upande wa njia uko kimya zaidi ya nusu ya muda wake. Mwaka 1960 wakafunga mitambo kwenye ncha zote mbili iliyokuwa inasikiliza kila mtu, akianza kutoa sauti inamtafutia njia iliyo wazi wakati huo huo, akinyamaza njia inachukuliwa inapewa mwingine. Kwa mitambo hiyo njia 37 kati ya zilizokuwepo wakati huo zikabeba maongezi 72, karibu mara mbili, waya ule ule.

Ujanja wenyewe ndio huo, na pakiti za kompyuta zilikuwa bado hata hazijafika. Usimpe mtu njia, mpe nafasi pale anapokuwa na kitu cha kutuma. Na kasoro yake ilionekana siku ile ile pia: mara chache ikitokea watu wengi wameanza kuongea kwa pamoja, aliyechelewa hapati njia na kipande cha neno lake kinapotea. Sauti haina subira, huwezi kuiweka kando ije baadaye.

Data ina subira, na hiyo ndiyo iliyobadilisha mchezo. Miaka ya 60, Paul Baran kule Marekani na Donald Davies kule Uingereza, kila mmoja kwa njia yake bila kumjua mwenzake, walifika kwenye wazo moja: ukate ujumbe vipande vidogo vidogo, kila kipande kiandikwe juu kinaenda wapi, kisha kila mtambo njiani ukipokee kizima, ukiweke kwenye kumbukumbu yake, usome anwani, ukisukume mbele laini ikiwa wazi. Davies ndiye aliyeviita pakiti. Yeye kilichomsukuma ni kompyuta za wakati ule ambazo mtu alikuwa anazitumia kwa mbali kupitia laini ya simu. Mtu anaandika amri moja, anafikiri, anakunywa chai, anaandika nyingine, na muda wote huo laini nzima imeshikwa na yeye. Maongezi angalau yako kimya nusu ya muda, kompyuta ilikuwa kimya karibu muda wote, halafu ghafla inataka kutuma kwa mkupuo.

Na sisi wa leo ni vile vile. Unafungua ukurasa, vinashuka vitu kwa sekunde mbili tatu, halafu unasoma dakika nzima hakuna kinachopita. Hata video unayoangalia, kama umewahi kuchungulia taa za ruta utaona, haitiririki mfululizo, inashuka kipande kwa nguvu kisha inatulia, inashuka tena.

Sasa turudi kwa mwenye jengo na megabiti zake 20. Tuseme kila mpangaji akiwa anatumia anahitaji megabiti 2 ili asilalamike, na tuseme kwa wastani ukimshika mpangaji yeyote sekunde yoyote ile, uwezekano wa kumkuta anavuta kitu ni 10%. Ukigawa kisakiti hesabu ni ya darasa la tatu, 20 gawanya kwa 2 ni watu 10, wa 11 hana nafasi. Na hao 10 kwa wastani mmoja tu ndiye anayetumia kwa wakati mmoja, kwa hiyo megabiti 18 zimekaa bure.

Ukigawa kwa pakiti humpi mtu chochote cha kudumu. Waweke 40. Kwa wastani wanaotumia kwa pamoja ni 4, megabiti 8, laini haijafika hata nusu. Ila wastani peke yake hautoshi kukulaza usingizi, maana tatizo ni zile sekunde ambazo wametokea 11 au zaidi kwa pamoja. Hizo zikoje? Hii unaweza kuihesabu mwenyewe, kwenye kompyuta yenye Python bandika hivi:

```
from math import comb
n, p, c = 40, 0.1, 10
print(sum(comb(n,k) * p**k * (1-p)**(n-k)
      for k in range(c+1, n+1)))
```

Hapo n ni wapangaji, p ni ile 10%, c ni wangapi laini inawamudu kwa pamoja. Inakupa kama 0.00147. Yaani katika sekunde 1,000 ni moja na nusu hivi ndizo zenye watu zaidi ya 10, kwa saa nzima zinafika kama sekunde 5, na hata hizo hakuna anayekatwa, pakiti zao zinasubiri kidogo tu kwenye ruta. Wapangaji mara nne, laini ile ile. Wenyewe kwenye fani wanaita maltipleksingi ya kitakwimu, ni jina refu kwa kitu hiki hiki: unategemea kwamba watu hawatahitaji kwa pamoja, na unaweza kuhesabu utegemee kiasi gani.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hata mafundi wenzangu wengi hawakizingatii na kinawagharimu. Hii faida haitokani na uwiano, inatokana na wingi. Chukua uwiano ule ule wa mara nne, tabia ile ile ya 10%, ila fanya kwa udogo: megabiti 2, watu 4. Badilisha tu n iwe 4 na c iwe 1. Inatoka 0.0523, yaani 5% ya muda watu wanagongana, mara 35 zaidi ya lile jengo. Mbona wakati kila kitu kwa kichwa ni sawa? Kwa sababu wakiwa wanne tu, mmoja kuamka vibaya ni robo ya jengo. Wakiwa 40, huyu akizidisha yule kalala, mizani inajisawazisha yenyewe. Ndio maana ninapokuta fundi ameigawa laini ya 20 vipande vinne vya 5, eti kila ghorofa na chake ili kuwe na haki, huwa namwomba avirudishe pamoja, maana amechukua kundi moja kubwa akatengeneza makundi manne madogo na kila dogo litagongana zaidi huku ghorofa ya jirani ikiwa na nafasi tupu isiyoweza kuazimwa. Ukiangalia vizuri, amerudi kwenye sakiti.

Haya, hesabu hiyo ina nguzo mbili na zote mbili zinaweza kuanguka. Ya kwanza ni ile 10%, ya pili ni kwamba kila mtu anatumia kwa wakati wake bila kumwangalia mwenzake. Saa nne asubuhi ziko sawa. Saa tatu usiku watu wote wamerudi, wamekula, kila mtu na skrini yake, 10% inakuwa 25% bila taarifa. Weka p iwe 0.25 uone: kutoka 0.00147 inaruka kwenda zaidi ya 0.4. Utumiaji umepanda mara mbili na nusu, msongamano umepanda karibu mara 300. Hakuna dalili za pole pole hapo, mchana kutwa safi halafu jioni ukuta. Na siku ya mechi kubwa ndio kabisa, maana hapo nguzo ya pili inaanguka yenyewe, watu wote 40 wanaangalia kitu kile kile dakika ile ile, na hiyo Python yangu haina tena kazi kwa sababu imejengwa juu ya watu wasiojuana.

Kwenye sakiti siku kama hiyo ingekuwaje? Kumi wangeangalia mechi kama kawaida bila kukwama hata mara moja, na 30 wangeona bize tangu mwanzo. Kwenye pakiti wote 40 wanaingia na wote wanaumia kidogo kidogo. Mimi sioni kwamba moja ni nzuri na nyingine mbaya, ni namna mbili za kugawana shida, ila kwa jengo la watu naichagua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Hiyo shida ya pakiti inakaa mahali panapoonekana, inakaa kwenye foleni. Ruta ikipokea pakiti haraka kuliko laini inavyoweza kuzitoa, inazipanga kwenye kumbukumbu. Pakiti kubwa ya kawaida ni baiti 1,500, ndio biti 12,000, kwenye laini ya megabiti 20 inatoka kwa milisekunde 0.6. Ukichukua mfano rahisi kabisa wa foleni wanaofundishwa wahandisi, laini ikiwa imejaa 50% pakiti inakaa pale kama milisekunde 1.2 kwa jumla, hakuna mtu atakayejua. Ikijaa 90% ni milisekunde 6. Ikijaa 99% ni 60. Ile 10% ya mwisho ya laini ndiyo ya gharama kuliko yote, na trafiki ya kweli ina mikupuo mikali kuliko huo mfano kwa hiyo hali halisi huwa mbaya zaidi. Mwenye jengo anayejivunia kwamba laini yake "inatumika yote, hakuna kinachopotea" anawatesa wapangaji wake bila kujua.

Kuna mama mmoja mpangaji, mtu mzima, nimeenda kwake jioni kuangalia tatizo, nimemwamkia, akanionyesha simu yake ameshapima spidi. "Mwanangu, hapa inaniandikia spidi iko juu, mbona nikiongea na mjukuu wangu kwa video anaganda?" Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na mafundi. Nikamwomba nikae pale pale nikafungua laptopu, kwanza nikapima muda wa pakiti kwenda na kurudi mpaka kwenye ruta ya jengo, milisekunde 2, kwa hiyo waifai yake ilikuwa safi. Halafu nikapima nje mpaka kwenye seva ya Google, kwa amri ya ping, namba ya mwisho ndio huo muda:

```
$ ping 8.8.8.8
64 bytes from 8.8.8.8: icmp_seq=4 ttl=116 time=18.4 ms
64 bytes from 8.8.8.8: icmp_seq=5 ttl=116 time=213 ms
64 bytes from 8.8.8.8: icmp_seq=6 ttl=116 time=397 ms
64 bytes from 8.8.8.8: icmp_seq=7 ttl=116 time=421 ms
```

Ona inavyopanda, 18, 213, 397, 421. Njia ya kwenda nje haijarefuka ndani ya sekunde tatu, kilichorefuka ni foleni. Ingekuwa waya mbovu ungeona pakiti zinapotea ovyo ovyo, hapa hazipotei, zinachelewa, na zinachelewa kwa kupanda. Kumbukumbu ya foleni ikiwa megabaiti 1, hiyo ni megabiti 8, na kuitoa yote kwenye laini ya megabiti 20 ni milisekunde 400. Inakaribiana kabisa na tulichokiona, foleni ilikuwa imejaa mpaka juu. Kipimo cha spidi kinahesabu ni megabiti ngapi zimepita, hakijali zimekaa muda gani, na foleni ikijaa ndio kwanza laini inatoka kwa nguvu zake zote kwa hiyo namba inapendeza. Video ya mjukuu haihitaji megabiti nyingi, inahitaji pakiti zake ndogo zifike kwa wakati, na zilikuwa zimesimama nyuma ya mtu fulani ghorofani aliyekuwa anashusha gemu.

Watu wakifika hapa wanasema sasa si bora sakiti, kila mtu na nafasi yake? Hapana, maana tatizo halikuwa kuchangia laini, lilikuwa kuwapanga wote mstari mmoja. Ruta inaweza kuweka mstari kwa kila mpangaji na kuchukua kwa zamu, mmoja hapa mmoja pale, na yule mwenye pakiti chache anapita haraka kwa sababu mstari wake ni mfupi. Asiyetumia hana mstari kabisa, nafasi yake inaliwa na wengine papo hapo, kwa hiyo ile faida ya watu 40 inabaki yote. Kwenye ruta ya Linux ni amri moja tu, hapa eth1 ni tundu linaloelekea kwa wapangaji:

```
tc qdisc replace dev eth1 root cake bandwidth 18mbit dual-dsthost
```

Nimeandika 18 badala ya 20 makusudi. Ukiandika 20 foleni inajengeka kwenye mtambo wa kampuni ya faiba ambao huna mamlaka nao, ukiandika pungufu kidogo laini yako inakuwa ndio sehemu nyembamba, foleni inahamia kwako na unaweza kuisimamia. Unapoteza megabiti 2, unapata utulivu. Na hiyo ni upande wa kushusha tu, upande wa kupandisha unahitaji amri yake kwenye tundu linaloelekea nje, wengi wanasahau huo na mara nyingi ndio wenye laini nyembamba zaidi.

Kuna mahali sakiti bado imekaa na sidhani kama itaondoka. Pakiti zako zikitoka Dar kwenda Ulaya chini ya bahari zinapanda kwenye rangi ya mwanga ndani ya faiba ambayo imekatwa na kufungwa kwa mteja mmoja mkubwa usiku na mchana, awe na cha kutuma au asiwe nacho. Hata ARPANET yenyewe, mtandao wa pakiti uliozaa intaneti, mwaka 1969 ilipita juu ya laini za simu za kukodi za kilobiti 50. Na inaeleweka ukikumbuka ile hesabu ya wingi: ukishachanganya watu maelfu kwa maelfu ile mikupuo yao inajaziana, kinachotoka ni mtiririko karibu ulionyooka, na mtiririko ulionyooka hauna ukimya wa kuazima, kwa hiyo kuufungia njia ya kudumu hakupotezi kitu.

Hata ile simu ya 4G inayopiga bila kushuka kwenda H, sauti imekatwa pakiti lakini mnara unaitengea kipaumbele tangu unapopiga mpaka unapokata, na kama hauna nafasi ya kuitengea unaikataa simu kabisa, ile bize ya zamani. Kwa mwenye jengo la megabiti 20 ushauri wangu ni ule ule, 40 wanaingia, weka mistari ya zamu, halafu pima ping saa tatu usiku siyo saa nne asubuhi, na siku ukiona jioni inagusa 90% mara kwa mara hapo ndio uombe laini kubwa zaidi.